Tenki la choo linapopiga mluzi

Ukivuta maji chooni, tenki likaanza kupiga mluzi huku likijaa, mara nyingi mkosaji ni valvu ya kuingiza maji, ile inayofungwa na boya. Ndani yake mna kipande cha mpira. Kikichakaa au kukakamaa hutetemeka maji yanapopita kwa kasi, na mtetemo huo ndio mluzi. Mchanga wa bombani nao huziba njia, maji yakalazimika kupenya kwa kuchirizika.

Jaribu hivi: tenki likiwa linajaa, punguza koki iliyo ukutani. Mluzi ukififia, presha ni kubwa. Huenda kuiacha koki hivyo kukatosha. Usipofifia, fungua valvu, safisha mchanga na ubadilishe mpira. Lakini tenki likisikika likivuja hewani hata baada ya kujaa, inua boya kwa mkono: sauti ikikoma, boya limeshuka au linahitaji kurekebishwa.

Valvu ya zamani mara nyingi haina mpira wake dukani, basi badilisha yote. Funga koki, vuta maji, kausha yaliyobaki kwa sponji, fungua paipu na nati iliyo chini ya tenki. Valvu mpya ikae na washa yake ya mpira upande wa ndani. Nati ya plastiki kaza kwa mkono tu. Spana hupasua tenki. Mwisho, rekebisha boya maji yasimame kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la kumwagia ziada.