Mtoto Anapoomba Kulala kwa Rafiki

Mtoto wako wa miaka 8 akitaka kulala kwa rafiki yake Jumamosi, usimtume yeye akaombe. Mpigie mzazi mwenzako siku chache kabla, watoto wasiwepo karibu, ili aweze kukataa bila kuona haya.

Taja muda kamili: "Nitamleta saa 10 jioni, nitamfuata Jumapili saa 4 asubuhi." Ukisema tu "atarudi kesho", mwenyeji hajui kama apike chakula cha mchana cha mtoto mmoja zaidi. Kama atakayemfuata ni mjomba au dereva wa bodaboda, toa jina na namba yake mapema. Akitokea mwingine, mwenyeji akupigie kwanza kabla ya kumkabidhi mtoto.

Kwenye chakula, tenganisha asichopenda na kinachomdhuru. Maharage asiyoyapenda yanaweza kusubiri, lakini karanga zinazomvimbisha midomo lazima zitajwe, na dawa yake akabidhiwe mtu mzima pamoja na maelezo ya kipimo. Kama bado hukojoa kitandani, mwambie mwenyeji faraghani, kisha mfungashie mpira wa kutandika na shuka ya akiba.

Hatimaye uliza taratibu za nyumba: saa ya kulala, matumizi ya simu, nani mwingine atakuwepo usiku, na mtoto atalala chumba gani na nani. Jibu la swali hilo la mwisho lisipokuridhisha, mwache acheze mchana, jioni umrudishe nyumbani.