Usiombe Saini ya Kazi Ambayo Hukuonekana Ukiifanya

Kama uko kwenye mazoezi kituoni, bila shaka umepewa daftari lenye orodha ya kazi unazotakiwa kuziweza. Kando ya kila kazi pana nafasi ya tarehe, maelezo na saini ya msimamizi. Wengi wetu huacha nafasi hizo wazi mpaka wiki ya mwisho, kisha tunamfuata msimamizi na kurasa nzima. Nami nilikuwa hivyo, mpaka siku ya kupima mzingo wa mkono.

Nilimpima mtoto wa miezi 14. Utepe ukaonyesha milimita 118, rangi ya njano. Nikaandika "nimeweza" na kumpelekea nesi msimamizi asaini. Akaniambia, "Mdogo wangu, sikukuona ukipima. Mwite mama kabla hajatoka."

Alipopima yeye, alipata 113, rangi nyekundu. Ujue kwamba chini ya 115 ni utapiamlo mkali. Kwa kipimo changu mtoto angeandikiwa chakula cha nyongeza tu, kumbe alihitaji kuanza matibabu siku ileile.

Akanitaka nirudie mbele yake, na kosa likaonekana. Nililegeza utepe, haukugusa ngozi pande zote, ndiyo maana namba ilipanda. Ukikaza mpaka ngozi ibonyee, namba hushuka. Tena nilikisia katikati ya mkono kwa macho. Inatakiwa ukunje kiwiko cha mkono wa kushoto, utafute katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, uweke alama, kisha uache mkono uning'inie ndipo upime.

Hakusaini siku hiyo. Aliandika "bado, utepe unalegea", nami nikaandika chini yake namba zote mbili. Wiki iliyofuata nilipima watoto watatu akinitazama. Namba zetu hazikupishana zaidi ya milimita 1, akasaini.

Kwa hiyo, asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, mwambie msimamizi ni kazi gani unaomba akutazame. Andika siku hiyohiyo: tarehe, umri wa mtoto, namba yako, namba yake, na kama uliona tu, ulisaidiwa, au ulifanya peke yako akikutazama. Jina la mtoto usiliandike, kwa maana daftari hilo unatembea nalo mpaka nyumbani. Akikuandikia "bado", muulize ni hatua gani hasa, na umwombe aiandike, ili hata akija msimamizi mwingine ajue aanzie wapi kukutazama. Ukurasa huo usiuchane. Ukurasa wangu wenye "bado" ninao mpaka leo, na kila nikishika utepe nauzungusha kwanza kidole kuona kama unagusa ngozi pande zote.