Barua ya kumwona mahabusu

Familia nyingi hupanda basi kwanza, barua baadaye. Shangazi anatoka Musoma usiku kucha kwenda Dar es Salaam kumwona mtoto wa kaka yake aliyewekwa rumande Segerea, anafika getini, anaambiwa leo si siku ya kutembelea. Au siku ni yenyewe, lakini kijana amepelekwa mahakamani tangu asubuhi. Safari kama hiyo inaokolewa na barua ya ukurasa mmoja.

Mtu wa karibu mara nyingi haihitaji. Huenda siku iliyopangwa na gereza, hujiandikisha getini kwa kitambulisho, hukaguliwa na kusubiri kuitwa. Barua inamfaa anayetoka mbali, au asiyeweza kufika siku hizo. Inaandikwa kwa Mkuu wa Gereza, si kwa hakimu wala polisi. Polisi huhusika ndugu akiwa bado kituoni; mahakama ikishaamuru aende rumande, yuko chini ya Jeshi la Magereza.

Kinachokwamisha barua nyingi ni jina. Gereza humpokea mahabusu kwa hati ya mahakama, na humtambua kwa majina yaliyoandikwa humo. Mtaani kijana anaitwa kwa jina la utani, nyumbani kwa jina la babu, kumbe hati ya mashtaka ina majina mengine matatu. Shangazi wetu aende kwanza kwa karani wa mahakama, au amuulize wakili, apate mambo matatu: majina kamili yalivyoandikwa, namba ya kesi, na tarehe ambayo kesi itatajwa tena. Hiyo ya tatu ndiyo itakayompangia siku za kuomba. Tuseme kesi iko Kisutu na itatajwa Jumanne tarehe 10, kisha Jumanne tarehe 24. Siku hizo mbili aziache kabisa.

Uhusiano nao uelezwe hadi mgeni aelewe. Kuandika “ni ndugu yangu” hakumsaidii afisa, maana hata jirani ni ndugu. Na kwa kuwa shangazi na kijana huenda hawana jina la ukoo linalofanana kwenye vitambulisho, aambatanishe barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji inayotaja uhusiano huo, pamoja na nakala ya kitambulisho chake cha taifa. Baada ya anwani na tarehe, barua yenyewe iwe hivi:

“Yah: Ombi la kumtembelea mahabusu (majina kamili), kesi namba (…)

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni shangazi wa mahabusu aliyetajwa, dada wa baba yake mzazi, na ninaishi Musoma. Naomba kibali cha kumwona Jumamosi tarehe 14. Ikishindikana, Jumapili tarehe 15 au Jumatatu tarehe 16. Nitakuwa peke yangu. Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho na barua ya utambulisho. Naomba kujibiwa kwa simu namba (…).”

Inatosha. Tarehe tatu zinampa mkuu wa gereza nafasi ya kuchagua badala ya kukataa. Habari za kijana kusingiziwa zisiwemo, hata kama ni za kweli na zinauma. Mwenye gereza hana mamlaka ya kumwachia mtu, na uchungu huo mahali pake ni kwa wakili. Barua itolewe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki mkononi mwa familia. Asiyeweza kuipeleka mwenyewe amtume jamaa aliye karibu. Siku moja kabla ya kupanda basi, aulizwe tena kama kijana bado yuko gereza hilohilo, kwa sababu mahabusu huhamishwa.

Kuhusu chakula na nguo, aulize gereza linaruhusu nini kabla ya kununua chochote.

Ombi likikataliwa, aulize sababu kwa upole na aombe tarehe nyingine. Likikataliwa tena bila maelezo, aandike kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa, akiambatanisha ile nakala yenye muhuri. Kijana mwenyewe anaweza kumweleza hakimu siku kesi inapotajwa, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya namna hii. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia yake mara kwa mara, ikiwemo kutembelewa. Mahabusu hata hatia hajakutwa nayo.

Kwa hiyo wewe mwenye ndugu rumande, kabla ya kukata tiketi, anza kwa karani wa mahakama.