Mfuko mmoja, bei mbili: somo la mbolea mpakani Ngara

Malori ya mizigo yanayopanda kutoka Dar es Salaam yakifika maeneo ya Benaco, kata ya Kasulo, huanza kuachana. Mengine hushika njia ya Rusumo kuingia Rwanda, mengine hupita Ngara mjini hadi Kabanga na kuvukia Kobero, Burundi. Kwa muuzaji anayetaka bidhaa moja iwe na bei moja upande huu na bei nyingine upande ule, hapa ni mahali pagumu. Wahangaza wa Ngara na Warundi ng'ambo wanaelewana kwa lugha zao, masoko yao yako jirani, na boda boda zipo.

Muuzaji pekee, anayejipangia bei kwa kuwa hana mshindani, hupata faida zaidi akimtoza kila mteja kadiri anavyoweza kulipa. Lakini kuwa peke yake hakutoshi. Lazima pia aweze kutenganisha wateja na kumzuia aliyenunua kwa bei nafuu asimuuzie anayetozwa bei kubwa. Sharti hili la mwisho ndilo linaloporomoka mpakani.

Mfano wa karibu zaidi si wa kampuni bali wa Serikali, ambayo haikutafuta faida lakini ilihitaji ukuta uleule wa kutenganisha wateja. Katika msimu wa 2022/23 Tanzania ilianza ruzuku ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, uliokuwa ukiuzwa takriban shilingi 131,000, uliuzwa shilingi 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa. Bidhaa ilibaki ileile. Kilichotofautiana ni mnunuzi.

Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme ng'ambo mfuko huo unauzwa bei ile ya zamani, 131,000. Kuupata kwa mkulima asiyeuhitaji, kuubeba kwa njia za panya na kufidia hatari ya kukamatwa kunagharimu 35,000. Mlanguzi anatumia jumla ya 105,000 na kubakiwa na 26,000. Faida hiyo huwaita wenzake, na kila anayeingia hupunguza kidogo bei ya ng'ambo ili auze haraka. Mizigo ikiendelea kuvuka, bei itashuka hadi karibu na 105,000. Hapo pengo la bei kati ya pande mbili halizidi tena gharama ya kuvusha, hata kama mwenye bidhaa alipanga liwe 61,000.

Ndiyo maana Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA) ilielekeza nguvu kwenye utambulisho wa mnunuzi. Mkulima husajiliwa na ukubwa wa shamba lake, hupewa namba, na wakala huithibitisha kwenye mfumo kabla ya kutoa mfuko. Utaratibu huu haufuti tofauti ya bei, ila huongeza gharama ya kuvusha. Gharama hiyo ikipanda kutoka 35,000 hadi 65,000, biashara inakufa yenyewe, kwa sababu pengo ni 61,000 tu. Udhaifu uko kwenye usajili: aliyeandika ekari kumi huku analima mbili anapata mifuko ya ziada bila mfumo kumzuia. Dalili yake huonekana pale ununuzi wa kata za mpakani unapozidi kwa mbali mahitaji ya mashamba yake.

Wenye viwanda wamewahi kujaribu njia nyingine. Mwaka 2002 iligundulika kwamba dawa za Ukimwi za GlaxoSmithKline, zilizouzwa Afrika kwa bei ya chini, zilikuwa zikirudishwa Ulaya na kuuzwa ghali. Baadaye kampuni ilizipa dawa za Afrika rangi nyekundu, ili zikionekana kwenye duka la dawa Ulaya zijulikane mara moja.

Bidhaa nyingine hujilinda zenyewe. Umeme wa mtambo wa Rusumo, wa megawati 80, hugawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Kila nchi inaweza kuwatoza watu wake bei yake, kwa sababu mteja wa Ngara hawezi kuufunga umeme kwenye gunia na kumpelekea jirani wa Kirehe. Ndivyo ilivyo pia kwa tiketi ya basi yenye jina la abiria na kwa kinyozi: huduma iliyokwisha kutumika haiuzwi tena.

Je, ulanguzi huu humsaidia mnunuzi? Humsaidia wa upande wenye bei kubwa. Kwa wa upande wa bei nafuu, inategemea muuzaji ataamua nini. Akishindwa kuziba mianya, hubaki na bei moja kwa wote. Ikiwa wateja wake wengi na wenye fedha wako kwenye soko la ghali, atachagua bei iliyo karibu na ile ya juu, na soko la wanyonge ataliacha. Hapo mlanguzi aliyeshusha bei ya tajiri ng'ambo huwa amempandishia mkulima mdogo wa nyumbani, na huyo wa pili hayumo katika hesabu ya faida yake.