Januari ya Soko la Hisa: Msimu wa Kweli au Bahati ya Namba?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hisa za makampuni madogo ya Marekani zilipanda bei mwezi Januari kuliko mwezi mwingine wowote. Sidney Wachtel aliliandika jambo hilo mwaka 1942, lakini lilikaa miaka zaidi ya 30 bila kutiliwa maanani. Mwaka 1976 Michael Rozeff na William Kinney walipekua rekodi za Soko la Hisa la New York kuanzia 1904 hadi 1974. Wakakuta Januari imeleta faida ya wastani wa karibu asilimia 3.5, huku miezi mingine 11 ikileta, kila mmoja, wastani usiofika nusu asilimia.

Kipimo walichotumia kiliyapa makampuni yote uzito mmoja, la mabilioni na la duka la pembeni. Hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu mwaka 1983 Donald Keim alionyesha kwamba Januari hiyo ni ya wadogo, na kwamba sehemu nono ya faida huingia katika siku 5 za mwanzo za biashara. Mtu aliyetazama hisa za makampuni makubwa peke yake hakuona kitu cha kusimulia.

Mkulima anaweza kushangaa kwa nini jambo hili liliwashangaza wasomi. Bei ya mahindi hushuka wakati wa mavuno na kupanda ghala zinapokauka, na kila mtu anajua. Tofauti ni kwamba anayenunua mahindi ya bei rahisi ili ayauze miezi sita baadaye hulipia magunia, dawa na ghala, na bado dumuzi humla sehemu yake. Kupanda kwa bei ndiko kunakomlipa gharama hizo. Hisa haina dumuzi wala haihitaji ghala. Kama inajulikana kuwa itapanda Januari, wenye akili watainunua Desemba, bei itapanda Desemba hiyohiyo, na Januari itabaki mwezi kama miezi mingine. Msimu wa mahindi hudumu ingawa unajulikana. Msimu wa hisa unatakiwa kufa mara tu unapojulikana.

Maelezo yaliyopata wafuasi wengi ni ya kodi. Nchini Marekani mwaka wa kodi wa mtu binafsi huisha tarehe 31 Desemba, na hasara ya hisa iliyouzwa hupunguzwa kwenye faida inayotozwa kodi. Tuseme mtu ameuza hisa moja mwaka huo akapata faida ya dola 400, na bado anashikilia nyingine aliyoinunua kwa dola 1,000 ambayo sasa ina thamani ya dola 600. Akiiuza hiyo ya pili kabla ya mwaka kuisha, hasara ya dola 400 inaifuta faida yote na hakuna cha kutozwa. Maelfu wakifanya hivyo katika wiki za mwisho wa Desemba, hisa zilizokwisha kushuka husukumwa chini zaidi. Mwaka mpya ukiingia, wauzaji hutoweka na bei hurudi ilipokuwa. Wanaoumia zaidi ni makampuni madogo: bei zao huyumba sana, kwa hiyo wenye hasara ni wengi, wanunuzi wao ni wachache, kwa hiyo mauzo kidogo tu huitikisa bei.

Maelezo mazuri namna hii yanahitaji kupimwa, na uzuri wake ni kwamba yanapimika. Kodi ikiwa ndiyo chanzo, pasipo na kodi pasiwe na Januari, na penye mwaka wa kodi tofauti mwezi nao uwe tofauti. Majibu yamekuja nusu kwa nusu. Marekani kabla ya kodi ya mapato kuwa nzito wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, dalili za Januari hazionekani. Hiyo ni pointi kwa kodi. Uingereza, ambako mwaka wa kodi huisha tarehe 5 Aprili, mwezi wa Aprili ulionekana kuwa na nguvu. Australia hufunga mwaka wake tarehe 30 Juni, na Julai yake ilikuwa nzuri, ila na Januari ilikuwa nzuri vilevile. Kanada ndiyo iliyotia mchanga kwenye pilau: haikuwa na kodi ya faida ya mtaji hadi 1972, na Januari ilikuwapo kabla ya hapo.

Kuna kasoro nyingine isiyohusu kodi, nayo imo ndani ya namba zenyewe. Kila hisa huwa na bei mbili kwa wakati mmoja: ile dalali anayokupa ukimuuzia, na ile ya juu kidogo anayokudai ukinunua kwake. Chukua hisa ndogo ambayo dalali anainunua kwa dola 1.95 na kuiuza kwa dola 2.05. Mwisho wa Desemba wengi wanauza, kwa hiyo bei ya mwisho inayoandikwa ni 1.95. Mwanzo wa Januari wengi wananunua, inaandikwa 2.05. Kwenye rekodi, hisa imepanda zaidi ya asilimia 5. Mfukoni hakuna aliyepata hata senti, maana aliyenunua Desemba alilipa 2.05 na akiuza Januari atapewa 1.95. Faida ya kwenye karatasi iligeuka hasara. Sehemu ya Januari ya zamani ilikuwa ya namna hii, na hii pia inaeleza kwa nini wajanja hawakuimaliza mapema.

Linabaki swali la bahati. Faida ya mwezi mmoja ya hisa ndogo hupanda na kushuka mno. Tuseme mtawanyiko wake wa kawaida ni asilimia 6. Kila mwaka una Januari moja tu. Kwa miaka 25, kosa la wastani ni 6 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 25, yaani asilimia 1.2. Pengo la asilimia 3 ni mara mbili na nusu ya kosa hilo, kwa hiyo si rahisi kulisingizia bahati. Lakini pengo la asilimia 1, ambalo lingekuwa pesa nyingi kwa mfuko mkubwa wa uwekezaji, linahitaji miaka 144 ili lifike mara mbili ya kosa. Hakuna soko linalobaki lilelile kwa miaka 144.

Tena Januari haikuchaguliwa kabla ya kutazama. Ukiipima miezi yote 12, kila mmoja kwa kipimo kinachokosea mara 1 katika 20, uwezekano wa walau mwezi mmoja kung'aa kwa bahati tu ni karibu asilimia 46. Ongeza Jumatatu, mwisho wa mwezi, siku za kabla ya sikukuu na nusu za mwaka, na jambo la ajabu halikosekani. Mwaka 2001 Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White walikusanya kanuni za kalenda karibu 9,500 zilizoweza kujaribiwa kwa miaka 100 ya bei za hisa za Marekani. Kanuni bora zaidi ilionekana ya kutisha ikitazamwa peke yake. Ilipohesabiwa kuwa ni mshindi kati ya maelfu walioshindana, ushindi wake haukuzidi ule wa bahati.

Hukumu hiyo inaziangukia vibaya kanuni zisizo na sababu nyuma yake, kama za siku za wiki. Januari ya hisa ndogo ina utetezi bora kidogo, kwa kuwa ina chanzo kinachoeleweka na alama inayoendana nacho: hisa zinazoruka zaidi mwanzoni mwa mwaka ni zile zilizoshuka zaidi mwaka uliotangulia. Hata hivyo, tangu tafiti za miaka ya 1980 kuchapishwa, pengo hilo limepungua sana.