Kengele Inayojigonga Yenyewe

Fundi anahamisha kadi ya kazi katika Jira kwenda "Blocked", yaani imekwama. Papo hapo Jira inatuma taarifa, inayoitwa webhuku, kwa programu ndogo, nayo inaandika ujumbe kwenye kikundi cha Slack ili wenzake wajue.

Balaa huanza programu hiyo inaporudi kwenye kadi kuandika saa iliyotuma ujumbe. Kwa Jira, hayo nayo ni mabadiliko, hivyo inatuma taarifa nyingine. Programu inaona kadi bado imekwama, inatangaza tena, inaandika saa mpya, na mzunguko haukomi. Dalili yake ni ujumbe uleule kurudi kila baada ya sekunde chache ilhali hakuna aliyegusa kadi.

Kosa ni kuuliza "kadi ikoje?" badala ya "nini kimebadilika?" Jibu limo ndani ya taarifa yenyewe, sehemu ya `changelog`. Tangaza pale tu badiliko mojawapo linapotimiza sharti hili:

```
item.field === "status" && item.toString === "Blocked"
```

Saa ikibadilika, hali haijabadilika, programu inanyamaza. Kwa kinga ya pili, ipe programu akaunti yake, kisha ipuuze kila badiliko lililofanywa na akaunti hiyo.