Dona na Sembe katika Nyumba yenye Mgonjwa wa Kisukari

Mkoa wa Singida hupata mvua kwa msimu mmoja tu kwa mwaka, na mvua hiyo si nyingi. Kwa sababu hiyo mtama na uwele vilikuwa nafaka kuu za wenyeji, Wanyaturu na Wanyiramba, na hata leo vinalimwa. Hata hivyo, ugali wa mahindi sasa umeingia karibu kila nyumba, na mtu apelekaye debe lake mashineni huulizwa swali lile lile: yakobolewe kwanza, au yasagwe hivyo hivyo? Yakikobolewa hutoka sembe, unga mweupe. Yasipokobolewa hutoka dona, unga wenye rangi ya maziwa mazito na vitone vya maganda.

Swali hili hupata uzito mpya pale ambapo mmoja wa jamaa ana kisukari. Ugonjwa huu si wa mijini peke yake. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta watu wazima wenye kisukari wakiwa chini ya mmoja katika kila mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64 wa mijini na vijijini, ulikuta takriban 9 katika mia. Njia za uchunguzi huo na ule hazikuwa sawa, kwa hiyo tarakimu hizo zisilinganishwe kwa ukali. Lakini ongezeko lenyewe ni dhahiri. Nao wagonjwa wengi wameambiwa neno moja: “Acha sembe, kula dona.” Shauri hilo ni jema, ila lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki yaweza kumdhuru mgonjwa asipoifahamu.

Kinachoondoka mashineni

Tuikate punje ya mahindi iliyoloweshwa maji kwa urefu wake. Nje kuna ganda jembamba, ambalo ni kiasi cha sehemu 5 katika 100 za uzito wa punje. Upande wa chini, karibu na kikonyo, kuna kiinitete, yaani mche mchanga uliolala. Hicho ni kiasi cha sehemu 11. Sehemu inayobaki, ambayo ni zaidi ya 80 katika 100, ni akiba ya wanga ambayo mche ungeitumia wakati wa kuota.

Mashine ya kukoboa hukwangua ganda na kuking'oa kiinitete, pamoja na wanga kidogo ulioshikamana navyo. Mchanganyiko huo ndio pumba. Ndani ya pumba huenda sehemu kubwa ya mafuta ya mahindi, kwa kuwa zaidi ya robo tatu ya mafuta hayo yamo katika kiinitete. Huenda pia nyuzinyuzi, vitamini B1 zaidi ya nusu, na madini ya magnesi: gramu 100 za dona zina miligramu 120 hivi za magnesi, na sembe iliyokobolewa sana huwa na robo tu ya kiasi hicho. Sembe ya viwandani iliyofungwa katika mifuko yaweza kuwa imerudishiwa baadhi ya vitamini na madini. Ile ya mashine ya kijijini aghalabu haikurudishiwa kitu.

Hadi hapo dona imeshinda bila ubishi. Lakini kinachopandisha sukari katika damu ni wanga, na wanga haukuondoka pamoja na pumba.

Sukari damuni

Tuchukue mlo mmoja wa jioni wa mama mwenye kisukari ambaye amezoea ugali mkubwa, uliopikwa kwa gramu 200 za unga. Ukiwa wa sembe, mama huyo atakula wanga usagikao tumboni wapata gramu 150. Ukiwa wa dona, atakula gramu 140 hivi. Tofauti ya gramu 10 hivi ni kama vijiko viwili vidogo vya sukari, basi.

Msomaji aweza kuuliza: je, nyuzinyuzi za dona hazicheleweshi usagaji wa wanga? Huchelewesha, lakini kidogo. Nyuzinyuzi za ganda la mahindi kwa sehemu kubwa ni zile zisizoyeyuka katika maji. Husaidia choo na hushibisha, bali hazifanyi ute mzito tumboni kama zile za maharage. Tena kinu cha nyundo kimekwisha kuzivunja kuta za chembe zilizoufunika wanga. Wanga ulio wazi na uliopikwa hushambuliwa mara moja na vimeng'enya vya mate na vya kongosho, uwe wa dona au wa sembe. Ndiyo maana mgonjwa aliyebadili unga na kuendelea kula tonge zile zile huona kipimo chake cha sukari kikishuka kwa kiasi kidogo mno, kisha akakata tamaa na kurudia sembe.

Jambo linalobadili kipimo hasa ni kiasi. Mama yule akipika unga wa dona gramu 100 badala ya 200, wanga utashuka hadi gramu 70. Nafasi iliyobaki katika sahani aijaze kwa mlenda au mboga nyingine za majani, na kwa maharage, kunde au choroko. Gramu 60 za maharage makavu zikipikwa zitamwongezea wanga wa gramu 25 hadi 30, ambao husagika polepole, pamoja na protini zipatazo gramu 13. Jumla yake ni chini ya gramu 100 za wanga, naye hatalala na njaa.

Kwa hoja hiyo hiyo, makande ya mahindi yasiyokobolewa yaliyochemshwa na maharage ni chakula bora kwake kuliko ugali wa unga wowote, kwa sababu punje zilizo nzima bado zina kuta zake. Mtama nao, ambao watu wengi wa Singida wamefundishwa kuuona kama dawa, hufuata kanuni ile ile: ukisagwa laini na kuliwa kwa wingi, hupandisha sukari.

Hapa pana tahadhari kubwa. Mgonjwa anayedungwa insulini au anayemeza vidonge vya kulisukuma kongosho, kama glibenklamaidi, asipunguze ugali kwa nusu kwa siku moja bila kumwona mganga wa zahanati au kituo cha afya. Kipimo cha dawa kiliwekwa kwa chakula cha zamani. Chakula kikipungua ghafla, sukari yaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa kali na kuchanganyikiwa, na akiweza kumeza hupewa maji ya sukari mara moja.

Mwenye kipimo cha damu nyumbani, au aliye karibu na kituo chenye kipimo, aweza kujihakikishia mwenyewe. Apime kabla ya kula, ale mlo uliopimwa, kisha apime tena saa mbili tangu alipoanza kula. Siku nyingine abadili kitu kimoja tu, ama aina ya unga ama kiasi chake. Akibadili vyote viwili kwa pamoja hatajua ni kipi kilicholeta tofauti. Kwa wagonjwa wengi, kipimo cha saa mbili hutakiwa kiwe chini ya milimoli 10 kwa lita.

Hesabu ya matumizi

Tufikirie familia ya watu sita inayotumia unga kilo 2 kwa siku, yaani kilo 60 kwa mwezi. Kwa dona, upotevu ni wa vumbi na unyevu tu, tuseme sehemu 3 katika 100. Kwa hiyo yatahitajika mahindi kilo 62. Kwa sembe, tuseme kila kilo 100 za mahindi hutoa unga kilo 72. Hapo yatahitajika kilo 83. Tofauti ni kilo 21, ambazo ni zaidi ya debe zima.

Sasa tutie bei za mfano, ambazo kila mwanafunzi aweza kuzibadili kwa bei za kijijini kwake: mahindi shilingi 800 kwa kilo, kusaga 80, kukoboa 60, na pumba huuzwa 300. Dona itagharimu shilingi 49,600 za mahindi na 4,960 za kusaga, jumla 54,560. Sembe itagharimu 66,400 za mahindi, 4,980 za kukoboa na 4,800 za kusaga, jumla 76,180. Mwenye sembe akizirudisha nyumbani kilo 23 za pumba na kuziuza zote, atapata 6,900, na gharama yake itashuka hadi 69,280. Bado amezidiwa kwa shilingi 14,720.

Wapo wasemao kwamba pumba hulisha kuku, na kuku wa Singida ni fedha. Ni kweli, lakini angalia: ili sembe ilingane na dona katika hesabu yetu, kila kilo ya pumba ingepaswa kuwa na thamani ya shilingi 940, yaani zaidi ya bei ya mahindi yenyewe. Mfugaji huyo angepata faida zaidi kuwapa kuku mahindi! Nako mashineni kwingine pumba hubaki kwa mwenye mashine, na hapo hasara ni ya shilingi 21,620 kamili.

Fedha hiyo iliyookolewa ndiyo sababu yangu kubwa ya kuipendelea dona katika nyumba hii. Maharage yakiwa shilingi 3,000 kwa kilo, shilingi 14,720 hununua karibu kilo 5 kwa mwezi, au gramu 160 kwa siku. Maharage ya mama yule ya jioni yamekwisha kupatikana, na ya watoto yamebaki.

Mahali dona ilipo dhaifu

Mafuta ya kiinitete yakisagwa hukutana na hewa, na baada ya majuma machache unga hutoa harufu ya mafuta ya zamani na ladha ya uchungu. Sembe huvumilia miezi. Kwa hiyo dona isagwe debe moja moja: kilo 18 za mahindi hutosha familia yetu karibu siku 9.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Sumukuvu, ambayo hutengenezwa na kuvu katika mahindi yaliyoanikwa vibaya, hukaa zaidi katika ganda na kiinitete, na kukoboa huondoa sehemu yake kubwa. Mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara uliua watu 20. Alaye dona hana kinga hiyo ya mashine, hivyo kinga yake ni lazima ianze shambani. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo, mpaka punje ivunjike kwa mlio mkavu ikiumwa. Kisha kabla ya kwenda mashineni yachaguliwe kwa mkono, na kila punje iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu au iliyosinyaa itupwe. Sumu hiyo haimalizwi na moto wa kupikia, na sumu yaweza kuwapo hata katika punje nzuri kwa macho, ijapokuwa kuchagua hupunguza sehemu kubwa. Punje zilizotupwa zifukiwe au zichomwe; kuku wakilishwa hizo hudhoofu, na sumu yaweza kurudi mezani ndani ya mayai.